Bei ya Mbele ya Dola: Hesabu Wala Si Utabiri

1. Utangulizi

Neno "mbele" lina mtego katika Kiswahili. Tunalitumia kwa mahali, tukasema "mbele ya nyumba", na tunalitumia kwa wakati, tukasema "siku za mbele". Kwa hiyo benki inapotaja "bei ya mbele" ya dola, msikilizaji mwepesi hudhani kwamba ameambiwa dola itauzwa kwa bei gani miezi sita ijayo. Anachukulia kwamba wataalamu wameketi, wakapima hali ya uchumi, kisha wakabashiri. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Bei ya mbele haitokani na ubashiri wa mtu yeyote. Hutokana na bei ya leo pamoja na riba mbili, na anayeilazimisha kukaa mahali pake ni mfanyabiashara anayewinda faida isiyo na hatari.

Tutalifafanua jambo hili kwa mfano ulio karibu nasi. Anayesimama Sachangwan, kwenye mteremko wa barabara kuu itokayo Nakuru kuelekea Eldoret, huyaona malori ya mafuta yakipita usiku na mchana. Mafuta hayo hununuliwa ng'ambo kwa dola, nayo huuzwa vituoni kwa shilingi. Mkulima wa viazi wa Sachangwan anayekodi trekta, au anayelipia lori la kupeleka magunia yake sokoni, hulipa sehemu ya gharama ya dola hata kama hajawahi kuishika noti yake. Tangu Aprili 2023, mafuta hayo yameingia nchini kwa mpango ambao dola zake hulipwa baada ya siku 180. Mpango wa namna hiyo huzua swali moja kubwa: dola ya siku ya 180 ina bei gani leo?

2. Istilahi tutakazozitumia

Kabla ya kuingia katika hesabu, yafaa tukubaliane juu ya maneno. "Bei ya papo" ni bei ya dola kwa mtu anayeinunua sasa na kuikabidhiwa sasa. "Bei ya mbele" ni bei inayokubaliwa leo kwa dola zitakazokabidhiwa na kulipiwa siku fulani ijayo. Leo hakuna fedha inayobadilishana mikono. Kinachofanyika ni kuwekeana ahadi, na ahadi ni deni: siku ikifika, mnunuzi hulipa bei iliyoandikwa hata kama sokoni dola imeshuka, na muuzaji hukabidhi kwa bei hiyo hiyo hata kama imepanda.

Istilahi ya tatu ni ngumu zaidi. Tunahitaji jina la kitendo cha kununua kitu kile kile mahali kilipo rahisi na kukiuza mahali kilipo ghali, kwa wakati mmoja, bila kubahatisha. Baadhi ya watu hukiita "ulanguzi". Neno hilo halifai, kwa sababu mbili. Kwanza, limebeba lawama, kwani mlanguzi katika masikio ya Mkenya ni mtu anayeficha bidhaa ili ziadimike, au anayesafirisha dawa za kulevya. Pili, mlanguzi hungoja bei ipande, na kungoja ni kubahatisha, ilhali mtu tunayemzungumzia hangoji chochote. Bei zote anazozihitaji ziko mbele yake leo. Katika makala haya tutakiita kitendo hicho "uchuuzi wa pengo", na anayekitenda tutamwita "mchuuzi wa pengo".

3. Njia mbili za kuifikia dola moja

Tuchukulie kwamba ni mwanzo wa Aprili 2023. Bei ya papo iliyotangazwa ilikuwa takriban shilingi 132 kwa dola. Riba ya hati za muda mfupi za Hazina ya Kenya ilikaribia asilimia 10 kwa mwaka, na ile ya hati za serikali ya Marekani ilikaribia asilimia 5. Tutazitumia tarakimu hizo kamili ili hesabu iwe nyepesi. Kwa nusu mwaka, shilingi huzaa asilimia 5 na dola huzaa asilimia 2.5.

Mwagizaji mafuta ana deni la dola litakaloiva baada ya miezi sita, naye anataka kujua leo kwamba deni hilo litamgharimu shilingi ngapi. Ana njia mbili.

Njia ya kwanza ni kununua dola leo na kuziweka benki zizae. Kwa shilingi 132 atapata dola moja, na dola hiyo baada ya miezi sita itakuwa dola 1.025. Lakini shilingi 132 alizozitoa leo hazikuwa bure. Kama angeziacha katika akaunti ya shilingi zingekuwa 138.60. Kwa hiyo, kwa hesabu ya siku ya kulipa, amepata dola 1.025 kwa gharama ya shilingi 138.60. Tukigawa, kila dola imemgharimu shilingi 135.22.

Njia ya pili ni kuacha shilingi zake zizae riba hapa nyumbani, na leo hii kuandikiana na benki mkataba wa kununua dola kwa bei ya mbele.

Njia zote mbili huanza na shilingi leo na huishia kwa dola siku ile ile. Hakuna hata moja inayomwachia hatari ya bei kubadilika, kwa kuwa kila tarakimu imekwisha kujulikana. Vitu viwili vilivyo sawa kwa kila hali haviwezi kuwa na bei mbili kwa muda mrefu. Bei ya mbele, basi, haina budi kuwa shilingi 135.22. Kanuni yake huandikwa hivi:

M = P × (1 + s) ÷ (1 + d)

Hapa M ni bei ya mbele, P ni bei ya papo, s ni riba ya shilingi na d ni riba ya dola, zote mbili kwa muda wa mkataba wenyewe. Wanauchumi huiita kanuni hii usawa wa riba, na John Maynard Keynes aliifafanua kwa urefu katika kitabu alichokitoa mwaka 1923.

Makosa mawili hutokea mara nyingi katika kuitumia. La kwanza ni kuingiza riba ya mwaka mzima katika mkataba wa nusu mwaka. La pili ni kupindua juu na chini. Bei ikitajwa kuwa shilingi ngapi kwa dola, riba ya shilingi ndiyo ikaayo juu. Kuna njia rahisi ya kujikagua: sarafu yenye riba kubwa zaidi sharti iwe dhaifu katika bei ya mbele kuliko katika bei ya papo. Shilingi ilikuwa na riba kubwa kuliko dola, na kweli dola imetoka 132 ikawa 135.22. Ukipata jibu lililo chini ya 132, rudi ukaitazame kanuni.

Msomaji aangalie kwamba hatukumuuliza mtu yeyote anadhani dola itakwenda wapi. Hatukutaja ukame, uchaguzi, wala bei ya chai na maua katika soko la nje. Mambo hayo huathiri bei ya papo na huathiri riba, lakini yakishaingia humo hayaingii mara ya pili.

4. Bei ikitofautiana na hesabu

Tumesema "haina budi". Ni nani anayeilazimisha? Tuseme benki moja inanunua na kuuza dola za miezi sita kwa shilingi 140 badala ya 135.22. Mchuuzi wa pengo hufuata hatua zifuatazo, zote katika asubuhi moja.

Kwanza, hukopa shilingi milioni 132 kwa miezi sita. Deni lake siku ya mwisho litakuwa shilingi milioni 138.6. Pili, hununua dola milioni moja kwa bei ya papo. Tatu, huziweka dola hizo kwa riba, akijua kwamba zitakuwa dola 1,025,000. Nne, huandikiana na benki ile kuiuzia dola 1,025,000 siku hiyo ya mwisho kwa shilingi 140 kila moja.

Baada ya miezi sita anakabidhi dola zake na kupokea shilingi milioni 143.5. Analipa deni la milioni 138.6 na kubakiwa na milioni 4.9. Hakutoa mtaji wake hata senti, na hakujali kama siku hiyo dola inauzwa 120 au 170 sokoni.

Sasa tugeuze. Tuseme benki imetaja bei ya mbele ya shilingi 133, yaani chini ya hesabu. Mchuuzi anatembea njia ile ile kinyumenyume. Anakopa dola milioni moja, na deni lake litakuwa dola 1,025,000. Anaziuza papo hapo kwa shilingi milioni 132 na kuziweka zizae hadi milioni 138.6. Wakati huo huo anaandikiana kununua dola 1,025,000 kwa bei ya 133. Siku ikifika analipa shilingi milioni 136.325, anapokea dola zake, anafuta deni, na mkononi anabaki na shilingi milioni 2.275.

Faida ya namna hii haidumu, na sababu yake imo ndani ya hatua zenyewe. Katika mfano wa 140, kila mchuuzi anayejitokeza anakopa shilingi, na kwa hivyo anaisukuma riba ya shilingi juu. Ananunua dola leo, na kwa hivyo anaisukuma bei ya papo juu. Anauza dola za mbele, na kwa hivyo anaikandamiza bei ya mbele chini. Misukumo yote mitatu hulifinya pengo, na huendelea mpaka pasiwe na cha kuchuuza. Anayekandamizwa kwanza kwa kawaida ni yule aliyetaja bei mbaya, kwa kuwa foleni ya wachuuzi humwambia kosa lake kabla hajamaliza siku.

5. Pengo linaloonekana na pengo lililopo

Mpaka hapa tumeichukulia dunia kuwa na riba moja kwa mkopaji na mwekaji, na bei moja kwa mnunuzi na muuzaji. Sachangwan, Nairobi wala London hakuna benki ya namna hiyo. Tujaribu tena kwa bei zinazokaribia zile za dirishani.

Tuseme benki inakuuzia dola kwa 132.50 lakini inanunua yako kwa 131.50. Mkopo wa shilingi ni asilimia 12 kwa mwaka, na amana ya shilingi hupata asilimia 9. Mkopo wa dola ni asilimia 7, na amana yake hupata asilimia 4. Mchuuzi anayekopa shilingi na kuweka dola atapata faida tu ikiwa bei ya mbele imepita shilingi 137.70. Yule anayekopa dola na kuweka shilingi atapata faida tu ikiwa bei hiyo imeshuka chini ya 132.77. Kati ya mipaka hiyo miwili hakuna biashara.

Kwa hiyo kanuni yetu, tukiileta sokoni, haitoi nukta moja bali ukanda. Bei ya 133, iliyokuwa ikitoa faida ya zaidi ya milioni mbili katika sehemu iliyotangulia, sasa imo ndani ya ukanda na haimpi mchuuzi chochote. Bei ya 140 bado iko nje, na bado inamwita. Benki kubwa hukopeshana kwa tofauti ndogo sana, hivyo ukanda wao ni mwembamba. Mtu wa kawaida ana ukanda mpana. Ndiyo maana uchuuzi wa pengo ni kazi ya wachache, ingawa matokeo yake huwafikia wote.

Kuna jambo jingine zito zaidi, nalo lilionekana wazi nchini Kenya mwanzoni mwa mwaka 2023. Dola zilikuwa adimu. Waagizaji walilalamika kwamba benki ziliwapimia dola kidogo kidogo, na kwamba waliuziwa kwa bei iliyo juu ya ile iliyotangazwa na Benki Kuu. Tuseme mtu alisoma bei ya 132 gazetini, akaona benki ikitaja bei ya mbele ya 140, akaketi na kalamu na kupata faida ya milioni 4.9 kama tulivyofanya. Kisha akaenda kununua dola milioni moja, akaambiwa kwamba zinapatikana kwa 138.

Hesabu yake yote imepinduka. Kwa bei ya papo ya 138, bei ya mbele inayolingana na riba zile zile ni shilingi 141.37. Bei ya 140 aliyoiona kuwa ghali, kumbe ni rahisi. Angeshikilia hatua zake za mwanzo, angepata hasara. Benki haikukosea hata kidogo. Aliyekosea ni aliyeingiza katika kanuni bei isiyonunulika.

Hili ndilo jaribio bora la kulitambua pengo la uongo. Kabla ya kuamini faida iliyopatikana kwenye karatasi, uliza kila tarakimu swali moja: je, kwa bei hii naweza kufanya biashara ya kiasi hiki leo? Tarakimu moja ikijibu hapana, hakuna pengo. Ukiona bei ya mbele iliyo mbali sana na hesabu na wachuuzi hawaikimbilii, mara nyingi unachokiona ni bei ya papo isiyo ya kweli, riba ambayo hakuna anayekopesha kwayo, au sheria inayozuia hatua mojawapo. Kabla ya Sheria ya Udhibiti wa Fedha za Kigeni kufutwa mwaka 1995, Mkenya hakuruhusiwa kuhamisha fedha nje apendavyo, na bila uhuru huo hatua ya pili na ya tatu haziwezekani. Hata katika masoko makubwa, tangu msukosuko wa fedha wa 2008 yamekuwapo mapengo madogo yasiyozibika, kwa kuwa benki zenye uwezo wa kuyaziba hubanwa na masharti ya kiasi cha madeni zinachoweza kubeba.

6. Mkataba wa siku 180

Sasa turejee kwenye malori ya Sachangwan. Machi 2023 serikali ya Kenya iliafikiana na kampuni tatu za mafuta za Ghuba, moja ya Saudia na mbili za Falme za Kiarabu, ili zilete mafuta kwa mkopo wa siku 180. Awali waagizaji walihitaji dola nyingi kila mwezi kulipia shehena zilizofika. Nia ya mpango huo ilikuwa kupunguza mbio hizo za kutafuta dola, ili shilingi ipumue.

Tuitazame hali hiyo kwa macho ya kanuni yetu. Mafuta huuzwa vituoni katika majuma machache, na shilingi hupatikana. Dola hulipwa miezi sita baadaye. Katikati pana hatari: shilingi zilizopokelewa zaweza zisitoshe kununua dola siku deni linapoiva. Dawa inayopendekezwa mara moja ni bei ya mbele. Mwagizaji na aende benki, afunge bei ya 135.22, alale usingizi.

Lakini benki iliyomwahidi dola za Oktoba inazitoa wapi? Benki haipendi kubaki na hatari hiyo kama ambavyo mwagizaji hakuipenda. Isipompata mtu mwingine aliye na dola za kuuza Oktoba, itafuata njia ya kwanza ya sehemu ya tatu: itakopa shilingi, itanunua dola leo na kuziweka zizae. Ndivyo bei ya 135.22 inavyopatikana. Ahadi ya mbele huundwa kwa ununuzi wa leo.

Hapo ndipo penye fundo la mambo. Nia ya kuahirisha malipo ilikuwa kutonunua dola leo. Kama waagizaji wote wangejikinga kwa bei ya mbele, benki zao zingelazimika kununua dola zile zile leo, na mbio zilizokusudiwa kupunguzwa zingerudi kupitia mlango wa nyuma. Kama hawakujikinga, dola zimeahirishwa kweli, lakini hatari ya bei imebaki na mtu. Nchi haiwezi kupata vyote viwili, kuahirisha na kukingika, isipokuwa awepo mtu mwingine aliye tayari kuibeba hatari hiyo. Mwuza chai au maua anayetarajia dola zake Oktoba angeweza kuwa mtu huyo, maana yeye anaogopa dola ishuke kama mwagizaji anavyoogopa ipande. Lakini dola za wauzaji hao si nyingi kiasi cha kutosheleza mafuta ya taifa zima. Hatari isipobebwa na mwagizaji, hubebwa na serikali, au huingizwa katika bei ya lita inayotangazwa kila mwezi, na hapo anayeibeba ni mwenye trekta wa Sachangwan na mwenye viazi aliyemkodi.

7. Hesabu na yaliyotokea

Tulisema bei ya mbele si utabiri. Miaka ya 2023 na 2024 inatupa ushahidi wa pande mbili.

Hesabu ya Aprili 2023 ilitoa 135.22 kwa dola za Oktoba. Oktoba ilipoanza, dola ilikuwa takriban shilingi 148. Aliyefunga bei ya mbele angeokoa karibu shilingi 13 kwa kila dola. Watu wengi wangesema kwamba benki "ilikosea". Haikukosea. Haikutabiri chochote, na kama ilinunua dola zake mwezi wa Aprili, haikupata hasara pia.

Mwishoni mwa Januari 2024 dola ilifikia shilingi 160. Riba ya hati za Hazina ilikuwa imepanda hadi takriban asilimia 16 kwa mwaka, na ya dola ilikuwa bado karibu asilimia 5. Kwa miezi sita, kanuni inatoa 160 × 1.08 ÷ 1.025, yaani shilingi 168.59. Februari hiyo Benki Kuu iliongeza riba yake hadi asilimia 13, na serikali ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ng'ambo ili kulipa sehemu ya ile iliyokuwa iive Juni. Hofu ya wawekezaji ilipungua na shilingi ikapanda ghafla. Mwishoni mwa Julai dola iliuzwa kwa karibu shilingi 130. Aliyefunga 168.59 alilipa zaidi ya shilingi 38 kwa kila dola kupita bei ya siku hiyo.

Kanuni ile ile, mara moja ikawa chini sana na mara nyingine ikawa juu sana. Kama ingekuwa utabiri, tungeitupa. Lakini katika nyakati zote mbili ilifanya kazi yake, ambayo ni kusema ni bei gani isiyomwachia mchuuzi pengo leo. Tofauti kubwa ya riba iliyoonekana Januari 2024 iliisukuma bei ya mbele mbali na bei ya papo, na ndiyo maana kinga huwa ghali zaidi wakati ambapo watu wana hofu zaidi na wanaihitaji zaidi.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba bei ya mbele ni bei ya leo iliyobebeshwa riba mbili. Kwamba mchuuzi wa pengo ndiye anayeirudisha bei hiyo mahali pake inapopotoka. Na kwamba pengo linaloonekana kwenye karatasi laweza kuwa la uongo iwapo bei iliyoingizwa hainunuliki. Yameonyesha pia kwamba kinga ya kesho hununuliwa kwa dola za leo, na kwa hivyo kuahirisha deni si sawa na kulikinga.

Kwa wanaotunga istilahi, pendekezo letu ni moja. Matumizi kama "bei tarajiwa ya dola" au "makadirio ya bei ya mbele" yaepukwe pale panapozungumziwa mkataba wa namna hii, kwa kuwa yanalitia neno maana ya ubashiri ambayo kitu chenyewe hakina. "Bei ya mbele" linatosha, ilimradi anayelifundisha amweleze mwanafunzi kwamba "mbele" hapa ni siku ya kukabidhiana. Bei yenyewe imekwisha kukatwa leo.